Bei ya fleti inakimbia na akiba yangu inatambaa

*“Bi, shikamoo. Mimi na mke wangu tumekodi Kisauni, Mombasa. Mwaka 2022 tuliuliza fleti ya vyumba viwili Bamburi tukaambiwa milioni 5.2. Nikapiga hesabu: dipoziti ya asilimia 10 ni 520,000. Nikaanza kuweka 15,000 kila mwezi kwenye akaunti ya kawaida ya benki, na baada ya miaka mitatu nina 540,000. Nimerudi pale pale, naambiwa sasa ni milioni 6.2. Nikisogea, nayo inasogea. Mimi niko kampuni ya kliaringi, 120,000 kabla ya makato; mke ni mwalimu shule ya kibinafsi, 60,000. Niendelee kuweka, au nikope sako nilipe dipoziti sasa kabla haijapanda tena?”*

Marahaba mwanangu. Usikope sako. Nitakuonyesha kwa nini, lakini ngoja kwanza tupime hiyo bei inakwenda kasi gani, maana umeiogopa bila kuipima.

Kutoka milioni 5.2 hadi 6.2 kwa miaka mitatu ni kama asilimia 6 kwa mwaka. Hiyo ni kasi ya jengo moja, na ni bei ya kuulizwa, siyo bei ambayo mtu ametoa pesa. Hapa kwetu kila bei ni ya kuongea, na ajenti anayekutajia milioni 6.2 anajua utaomba punguzo. Kwa hiyo tafuta majengo matatu ya rika moja na ukubwa mmoja, yawe Bamburi, Shanzu au Utange, uwe unauliza mara mbili kwa mwaka na kuandika kwenye daftari. Ongea na mlinzi wa getini pia, siyo ajenti peke yake. Mlinzi atakuambia ghorofa ya tatu imekaa tupu tangu Ramadhani na mwenyewe ameshachoka. Kisha uliza kodi ya fleti kama hiyo. Bei ya kuuza ikiwa imepanda kwa milioni nzima na kodi imesimama vile vile, ujue sehemu ya huo mpando ni matumaini ya muuzaji. Na hakikisha ile ya 2022 haikuwa bei ya jengo lililokuwa bado kwenye ramani. Fleti ya kwenye ramani na fleti iliyokwisha kupakwa rangi ni bidhaa mbili, hata kama zote ziko mtaa mmoja.

Tuchukue hiyo asilimia 6 iwe ndiyo kweli, tusijidanganye kwa upande mzuri.

Kosa lako la kwanza halihusiani na bei kupanda. Ni kwamba hukuwahi kulenga mahali penyewe. Dipoziti ya asilimia 10 ndiyo pesa anayoiona muuzaji, lakini siku ya kuhamisha hati kuna wengine wanasubiri. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa mali ya mjini, na hiyo peke yake kwa fleti ya milioni 6.2 ni 248,000. Kuna wakili wako, na mara nyingi unalipia wakili wa benki vile vile. Kuna mthamini, kuna ada ya benki ya kufungua mkopo, kuna bima. Mimi humwambia mtu aweke asilimia 3 kwa hayo yote, kisha aombe kila mmoja bei yake kwa maandishi. Jumla inakuwa asilimia 17 ya bei ya nyumba. Kwako wewe ni 1,054,000.

Najua umeshtuka. Nilikaa miaka mingi upande wa mikopo benki na niliiona sura hiyo kila wiki: mtu amekuja na dipoziti yake kamili, amevaa vizuri, halafu anaulizwa pesa ya stempu iko wapi. Wengi hukimbilia mkopo wa simu kuziba hilo pengo, na ndio mwanzo wa nyumba kuwa mzigo kabla hawajalala humo usiku mmoja.

Sasa tazama lengo hilo linavyosogea. Asilimia 6 ya 1,054,000 ni kama 63,000 kwa mwaka, yaani 5,300 kwa mwezi. Huo ndio mkondo unaokurudisha nyuma. Nyumba inapanda kwa laki tatu na elfu sabini kwa mwaka, ndiyo, lakini wewe hununui nyumba nzima kwa akiba. Sehemu yako ni asilimia 17 tu ya huo mpando. Kati ya zile 15,000 zako, 5,300 zinakuweka pale pale ulipo, na 9,700 ndizo zinazokusogeza. Unakwenda pole, lakini si kweli kwamba huendi.

Ukiendelea hivyo hivyo, 15,000 kwenye akaunti isiyozaa kitu, itakuchukua karibu miaka mitano kamili. Lengo wakati huo litakuwa limefika kama milioni 1.4, nawe utalipata kwa tabu.

Badilisha jambo moja tu: pesa ikae mahali inapozaa. Mfuko wa soko la fedha, huu ambao watu huuita mani maketi, ulio na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, hulipa riba ya kila siku na pesa hutoka ndani ya siku chache. Mwaka 2024, riba ya Benki Kuu ilipokuwa asilimia 13, mifuko hii ilikuwa inalipa vizuri sana na watu wakadhani ndivyo itakavyokuwa daima. Benki Kuu ilipoanza kushusha riba yake kuanzia Agosti mwaka huo, hadi chini ya asilimia 10 mwaka 2025, mifuko nayo ikashuka. Kwa hiyo usitumie tangazo la zamani. Tuseme unapata asilimia 9. Serikali inakata asilimia 15 ya hiyo riba kabla haijakufikia, unabaki na asilimia 7.65. Kwenye 540,000 zako hiyo ni kama 41,000 kwa mwaka. Lengo linakukimbia kwa 63,000, akiba yenyewe inakimbia kwa 41,000, na pengo unaloziba kwa jasho ni 22,000 tu. Kwa hesabu hiyo unafika kabla ya miaka mitatu kwisha, bila kuongeza hata shilingi kwa mwezi.

Ongeza jambo la pili. Mke wako na wewe mtoe 20,000 badala ya 15,000, na kila Januari mpandishe mchango kwa asilimia ile ile bei inayopanda: mwaka wa pili uwe 21,200, wa tatu 22,500. Hili la kupandisha watu hulisahau. Nyumba inapanda kila mwaka na mshahara unapanda walau kidogo, lakini ile amri ya benki ya kutoa 15,000 iliyoandikwa 2022 imebaki vile vile kama kalenda ya ukutani. Kwa njia hii unafika baada ya miaka miwili na mwezi mmoja au miwili.

Mwaka wa mwisho, pesa ambayo una hakika hutaigusa unaweza kuihamishia kwenye dhamana za serikali za siku 364, ambazo siku hizi unanunua mwenyewe kwa simu kupitia DhowCSD ya Benki Kuu. Lakini zinaiva siku maalumu, na muuzaji hatakusubiri. Kwa hiyo usiweke zote. Na hizo 540,000 zilizo benki moja, jua kuwa benki ikianguka bima ya amana hulipa mpaka 500,000. Sisemi benki yako itaanguka, nasema tu ushapita mstari. Kama nyinyi ni watu wa kujiepusha na riba, iko mifuko inayofuata sharia na ziko benki za aina hiyo hapa mjini ambazo hununua nyumba pamoja nawe na wewe ukainunua sehemu yao kidogo kidogo. Hesabu ya lengo linalosogea ni ile ile, ila pale wewe na benki mnakuwa washirika.

Hapa sasa ndipo nataka ukae kitako.

Miaka mitatu umekuwa ukitazama dipoziti, na dipoziti ndiyo ndogo kati ya vitu viwili vinavyokimbia. Kikubwa ni mkopo. Fleti ya milioni 6.2 ukitoa asilimia 10 inabaki milioni 5.58 ya kukopa. Kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 9.5, malipo ya mwezi ni kama 52,000. Kwa asilimia 14, fleti ile ile, malipo ni kama 69,400. Baada ya miaka miwili ya asilimia 6, fleti itakuwa karibu milioni 7 na mkopo milioni 6.27. Malipo yatakuwa 58,400 kwa riba ya chini, au 78,000 kwa riba ya juu. Dipoziti na gharama zake zimepanda kwa 130,000 mara moja, basi. Malipo yamepanda kwa 6,400 mpaka 8,600 kila mwezi kwa miaka 20.

Na benki haitakupa unachotaka, itakupa kinachoingia kwenye mshahara. Sheria ya Ajira inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, na benki huanzia hapo. Theluthi mbili ya 120,000 ni 80,000. Ukitoa kodi, NSSF, bima ya afya ya SHIF na tozo ya nyumba, tayari kama 35,000 zimeshakatwa. Zinabaki 45,000 za kubeba mkopo. Kwa asilimia 9.5 hizo zinabeba milioni 4.8, na fleti yako inataka 5.58. Maana yake, mwanangu, hata ungekuja leo na dipoziti mkononi, peke yako ungekataliwa. Mke wako kwa mshahara wake ana nafasi ya kama 25,000. Mkiomba pamoja mna 70,000. Hapo kwa asilimia 9.5 mnapita mkiwa na nafasi, kwa 14 mnapita kwa shilingi mia sita.

Sasa rudi kwenye sako. Tuseme wanakukopesha 500,000 kwa asilimia 12 kwa miaka mitatu, na una akiba kwao ya theluthi ya hiyo pesa, maana wengi hukopesha mara tatu ya akiba. Malipo ni kama 16,600 kwa mwezi. Benki itaiona, na itaitoa kwenye zile 70,000. Mnabaki na 53,400. Kwa asilimia 14 hizo zinabeba milioni 4.3 tu, na fleti mmeipoteza kwa mkopo uliouchukua ili muipate. Kwa asilimia 9.5 mngepenya, ila mwezi mtoto akiugua hamna pa kushika. Na usihamishie akiba ya dipoziti kwenye akiba za sako ukidhani ni mahali pazuri pa kuweka: pesa ile ni dhamana, huitoi mpaka ujitoe uanachama, na notisi ni siku 60 kama hujamdhamini mtu. Kama umemdhamini, subiri amalize.

Kwa hiyo kazi yako ya mwezi huu, kabla hata ya kuhamisha hela, ni kwenda benki mbili na sako moja yenye mikopo ya nyumba, wewe na mke wako na hati zenu za mshahara, muulize swali moja: sisi wawili mtatukopesha kiasi gani, kwa riba gani, na hiyo riba inabadilika au haibadiliki? Mwombe waandike. Kisha uliza kama wana mkopo unaopitia KMRC, ile kampuni inayozipa benki na sako pesa za muda mrefu ili wakopeshe kwa riba isiyobadilika na iliyo chini ya ya soko. Mkopo huo una kikomo cha kiasi na cha mapato, na vikomo hivyo hubadilishwa, kwa hiyo uliza cha mwaka huo. Tofauti ya 52,000 na 69,400 uliyoiona hapo juu ndiyo faida ya kupata mkopo wa aina hiyo. Hakuna mani maketi itakayokupa faida kama hiyo.

Barua hiyo irudie kila mwaka. Ukiona kiasi wanachokubali kukukopesha kinapanda pole kuliko bei kwenye daftari lako, umepata jibu kwamba fleti hiyo inakuacha, na kuongeza akiba ya dipoziti peke yake hakutakusaidia sana. Wakati huo chaguo ni mbili. Ya kwanza ni dipoziti kubwa zaidi. Hapa uliza kampuni yenu kama ina mfuko wa pensheni: tangu 2020 kanuni zinamruhusu mwanachama kutumia mpaka asilimia 40 ya mafao yake, isizidi milioni 7, kununua nyumba ya kuishi. Ni pesa ya uzeeni, sikuambii uichukue kwa furaha. Lakini ikiwa inashusha mkopo kutoka milioni 6.27 hadi 5.5, inaweza kuwa ndiyo inayokuvusha. Ya pili ni kubadilisha nyumba: vyumba viwili Mikindani au ndani zaidi Utange badala ya karibu na barabara kuu ya Bamburi. Watu huniona nawavunja moyo nikisema hivi, lakini kulenga fleti ya milioni 5 ambayo mkopo wake unaingia kwenye mshahara ni bora kuliko kufukuza ya 6.2 ambayo hauingii.

Kuna mtu atakuambia njia ya mkato: nunua ikiwa bado kwenye ramani, lipa kidogo, bei isimame pale pale huku wajenzi wakijenga. Kwa lengo linalosogea hiyo kwa kweli ndiyo dawa pekee inayolisimamisha kabisa, na nimeona watu wakafanikiwa. Nami niliwahi kuijaribu, jengo la huku Kaskazini ya kisiwa, mjenzi simtaji. Nililipa asilimia 20 na nikalala usingizi mzuri. Mwezi wa kumi na nne nikapata barua: saruji na chuma vimepanda, kwa mujibu wa kifungu fulani bei inaongezwa. Nikatoa mkataba kabatini. Kifungu kilikuwepo, ukurasa wa tisa, mistari minne, na mimi niliyekuwa nasoma mikataba ya wengine kila siku sikukisoma cha kwangu. Nikajitoa. Pesa zilirudi baada ya miezi kumi na tisa, bila faida hata shilingi, na wakati huo lengo langu lilikuwa limeshasogea mbali.

Ukitaka njia hiyo, basi wakili awe wako, siyo wa mjenzi. Afanye utafutaji wa hati ofisi ya ardhi, ajue ardhi ni ya nani na kama ina deni la benki. Hapa pwani usidharau hilo. Sisi ndio watu wa nyumba bila ardhi, ambapo mtu anamiliki kuta na paa na mwingine anamiliki udongo. Ardhi ya kaskazini nayo ina historia ndefu ya watu wawili wenye makaratasi ya shamba moja. Kifungu cha kupandisha bei kifutwe au kiwekewe kikomo. Malipo yafuate ujenzi: msingi ukikamilika, slabu ya kwanza, paa, siyo tarehe za kalenda. Na zile 540,000 zisitoke zote siku ya kwanza kwa sababu tu ajenti amesema zimebaki fleti mbili. Zimebaki mbili tangu mwaka jana.

Kitu kimoja cha mwisho cha hesabu, ukishanunua kwa mkopo na mkahamia: kuanzia mwisho wa 2024 riba ya mkopo wa nyumba mnayoishi, mpaka 360,000 kwa mwaka, hutolewa kwenye mapato kabla ya kukatwa kodi. Kwa mshahara wako hiyo ni mpaka 9,000 kwa mwezi inayorudi. Usiihesabu kwenye uwezo wa kukopa. Ihesabu kwenye ada ya huduma ya jengo, ambayo hukuniuliza na ambayo naona hukuiweka popote. Kabla hujarudi Bamburi, muulize yule mlinzi wa getini lifti ilikufa mara ngapi mwaka huu na kila fleti ilichangishwa ngapi kuitengeneza.